Wilaya Zilizokataa Kujaza Mkoa

Mzee Kisilu alikuwa na tabia tatu ambazo zilinichosha, na zote tatu nazikumbuka leo kwa mapenzi. Alikunywa chai yenye sukari vijiko vitano. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini akijumlisha. Na hakuamini hesabu yoyote mpaka ijumlishwe mara mbili, mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini na mara ya pili kutoka chini kwenda juu, eti kwa sababu mtu akipita njia ile ile atajikwaa kwenye jiwe lile lile.

Mimi ni Sauda Shee. Nilizaliwa Kitui mjini, kwa baba aliyetoka Lamu kuuza vitambaa wiki mbili, akasahau kurudi. Mwaka 1994 nilikuwa mpiga taipu wa Mradi wa Zahanati za Mashinani, tawi la Kitui, kwa kipindi cha majaribio. Tulikuwa wawili tu katika ofisi ile, mimi na Mzee Kisilu, mtu wa takwimu. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mtu wa Kathonzweni upande wa Makueni, na kila Jumamosi alirudi kwa mkewe huko na kila Jumatatu akarudi kwetu na mfuko wa mbaazi. Mimi alinipa mbaazi bila kuniuliza kama nazitaka. Aliniita mwaitu, mama yangu kwa Kikamba, ingawa angeweza kunizaa.

Kazi yetu ilikuwa jedwali moja. Mradi ulitaka kuchapisha ripoti ya idadi ya watu nchi nzima, ili kila wilaya ipangiwe zahanati zake kulingana na watu wake. Nairobi walikuwa na jumla za taifa na za mikoa yote minane kutoka kwenye sensa ya 1989. Kila tawi lilijaza wilaya za mkoa wake. Sisi tulikuwa na Mkoa wa Mashariki, kuanzia kwetu Ukambani mpaka kule kaskazini kwa ngamia.

Sasa tatizo la mkoa wetu ni kwamba baada ya sensa wilaya zilizaa. Makueni ilikatwa kutoka Machakos, na Mwingi ikakatwa kutoka Kitui. Vitabu vya sensa havikuzijua wilaya hizo kwa sababu siku watu walipohesabiwa hazikuwapo. Kwa hiyo Mzee Kisilu alikuwa ameazima kitabu kikubwa chenye hesabu za kila lokesheni, yaani eneo la chifu mmoja, akanakili kila lokesheni kwenye kadi yake: jina, wanaume, wanawake, jumla, na kaya, yaani nyumba zenye jiko lao. Kitabu akakirudisha Embu kwa wenyewe. Kadi akazipanga kwenye maboksi ya viatu, wilaya moja boksi moja. Desemba, alipotoa kadi za Makueni kutoka boksi la Machakos na kuzitia kwenye boksi lake jipya, alizishika kama mtu anayehamisha vifaranga. Januari akaniambia nizipe kadi namba upya, kila boksi kuanzia moja, nami nikafanya hivyo kwa penseli. Kumbuka hilo la namba, kwa sababu lilininyima usingizi.

Jumatatu moja ya mwezi Machi simu ikalia. Alikuwa Ndolo, mkubwa wetu wa Nairobi, kijana wa Machakos mwenye kompyuta na haraka.

"Mzee, jedwali lako halijai," alisema. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila neno. "Mikoa minane ikijumlishwa, inatoa taifa sawasawa. Lakini wilaya zako zikijumlishwa, mkoa unapungua."

"Unapungua ngapi?"

"Elfu saba, mia sita, arobaini na tatu."

Mzee Kisilu akaandika 7,643 kwenye karatasi, akaipigia mstari chini.

"Mtambo wa kuchapa unatungoja mpaka Jumamosi," Ndolo akaendelea. "Ijumaa nakuja mwenyewe. Likijaa, tunachapa. Lisipojaa, nitachapa na wilaya za zamani, Makueni na Mwingi zisionekane kabisa. Na Mzee, usinielewe vibaya, macho yako sasa si ya kazi hii. Likikataa, nafikiri utapumzika mwezi huu huu, na hizi hesabu zihamie kwa kompyuta."

Mzee akasema, "Sawa," akaweka simu chini taratibu, akaniomba sukari zaidi.

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nilimtukana Ndolo kwa Kiswahili cha Lamu, ambacho kwa bahati nzuri Mzee Kisilu hakukielewa chote. Yule mzee alikuwa ameshika kalamu katika sensa ya 1969, na ya 1979, na ya 1989. Kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha asubuhi. Mtu kama huyo hapumzishwi kwa simu. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu Ndolo alisema kweli kuhusu macho. Kulikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, weupe mdogo kama wa maziwa, na la kushoto lilikuwa likifuata. Tangu Krismasi mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, yeye akitia alama kwa penseli nyekundu. Hiyo ilikuwa desturi yake ya miaka yote: mmoja asome, mwingine atie alama, na mwenye penseli nyekundu ndiye atakayeweka sahihi na kubeba lawama.

"Tuanze na ile ndogo," alisema. "Saba na sita na nne na tatu?"

"Ishirini."

"Ishirini inagawanyika kwa tisa?"

"Haigawanyiki."

"Basi si tarakimu iliyogeuzwa." Alikuwa amenifundisha hilo wiki yangu ya kwanza: ukiandika 54 mahali pa 45, tofauti lazima igawanyike kwa tisa, na tarakimu zake zikijumlishwa zitagawanyika vile vile. Nilipolijua hilo niliona kama nimeonyeshwa siri ya nyumba ya watu.

Tukaenda hatua ya pili. Meru na Embu na za kaskazini tulizilinganisha na jumla za wilaya za zamani zilizochapishwa, zikajaa. Kitui mpya na Mwingi zikijumlishwa zilitoa Kitui ya zamani, mtu kwa mtu. Machakos mpya na Makueni zilipaswa kutoa Machakos ya zamani. Nilivuta mkono wa mashine ya kujumlishia, karatasi ikatoka ikijikunja, nikaisoma, nikarudia kuisoma.

"Sema, mwaitu."

"Zinapungua 7,643."

"Vizuri. Sasa tunajua boma ambalo mbuzi wametoka."

Jumanne tulijumlisha kadi zote za maboksi yale mawili upya, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Jibu halikubadilika. Ndipo Mzee akaniambia nitazame wanaume peke yao, kisha wanawake, kisha kaya, kila kimoja dhidi ya Machakos ya zamani. Wanaume walipungua 3,562. Wanawake walipungua 4,081. Kaya zilipungua 1,274.

Aliinamisha kichwa akahesabu moyoni, midomo ikicheza.

"Hii si kosa ya kujumlisha," alisema. "Kosa ya kujumlisha inaingia safu moja, inaacha ingine. Hapa wanaume na wanawake wakiungana wanatoa ile ile inapungua. Na kila nyumba iko na watu sita. Wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa mia tano na kitu, kwa hivyo ni mashambani, wanaume wameenda Nairobi na Mombasa kutafuta. Hawa ni watu kamili, mwaitu. Wako na nyumba. Ni lokesheni nzima imetupotea."

Lokesheni nzima maana yake kadi moja. Na aliyezishika kadi zote mwezi Januari, moja baada ya moja, akizitia namba, ni mimi. Namba zilikuwa zinafuatana bila pengo katika maboksi yote, lakini hilo halikunisaidia kitu. Kadi ikiwa ilianguka kabla sijaifikia, namba ingeiruka tu na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Nililala chini kwa tumbo nikatazama uvunguni mwa makabati. Nikapata kalamu mbili, shilingi, na mjusi.

Kitabu kilikuwa Embu. Mzee aliandika barua, lakini barua kwenda na kurudi ingechukua wiki mbili, na simu ya kule ilipokewa na mtu aliyesema mwenye funguo yuko likizo.

Jumatano asubuhi nikamwambia lile ambalo nilikuwa nimeliwaza usiku kucha.

"Mzee, tunajua zinapungua ngapi. Wanaume tunawajua, wanawake tunawajua, hata kaya. Si tuzitie tu Makueni? Jedwali litajaa, Ndolo atachapa, na kitabu kikija tutajua jina."

Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningeona afadhali.

"Kama hiyo lokesheni ni ya Machakos na wewe umeitia Makueni," alisema, "mkoa utajaa, taifa itajaa, kila mtu atafurahi, na wilaya mbili zitakuwa zinadanganya. Jumla haiwezi kukuambia hiyo. Jumla inajua tu wako ngapi, haijui wanalala wapi. Wewe unataka gari ya dawa iende Matiliku na wagonjwa wako Kangundo?"

"Haba na haba hujaza kibaba," nilisema kwa ukaidi.

"Ndiyo. Lakini lazima ikuwe mahindi yako."

Basi tukabaki na njia moja. Nisome majina ya lokesheni, yeye asikilize. Alizijua zote. Alikuwa amezipita kwa miguu, kwa baiskeli, na mara moja kwa punda wa mchungaji. Nikasoma boksi la Machakos lote, yeye akitia alama kwenye orodha niliyomchapia. Nikasoma boksi la Makueni lote. Penseli nyekundu ikashuka mstari kwa mstari bila kusita. Nilipomaliza akasema, "Zote ziko."

"Haiwezekani ziwe zote."

"Zote ziko, mwaitu. Nimesikia zote." Akavua miwani akafuta macho kwa kitambaa, kwa muda mrefu, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mzee, si Mzee kwa heshima bali mzee kwa miaka. Nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji nikalia kidogo, nikarudi nikamkoroga chai ya vijiko vitano.

Alhamisi, simu yetu ikiwa imekufa, Mzee alipokuwa ameenda posta kujaribu tena simu ya Embu, mlango ukabishwa akaingia Mama Muthama, mkewe. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, kiondo mgongoni, na macho ambayo hayakukosa kitu. Nikampa kiti na chai.

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Daktari wa macho yuko hospitali ya misheni mpaka kesho jioni. Nimemwambia huyu mtu tangu Krismasi, anasema kazi kwanza. Sasa nimekuja mwenyewe. Kama ni kubebwa, atabebwa."

"Mama, leo hatoki hapa hata kwa ng'ombe sita," nilisema, na kwa kuwa nilikuwa na mengi kifuani, nikamwambia yote. Ndolo, Ijumaa, wilaya zinazokataa kujaa. "Kuna watu 7,643 wamepotea, na nafikiri ni mimi niliyewapoteza. Na yeye ndiye atakayefukuzwa."

Mama Muthama alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha.

"Sema tena hiyo namba."

"Elfu saba, mia sita, arobaini na tatu."

"Hiyo namba naijua," alisema. Akavuta kiondo, akatoa Biblia iliyofungwa kwa kitambaa, akaifungua kwenye Zaburi. Katikati ya kurasa ilikaa kadi yetu, mwandiko wa Mzee Kisilu, wino wa buluu. Kwa Ndinda. Wanaume 3,562. Wanawake 4,081. Jumla 7,643. Kaya 1,274.

Nikaishika kwa mikono miwili. Sijui kama nilitaka kucheka au kumtupia mtu kiatu.

"Ni lokesheni yetu," Mama Muthama alisema. "Desemba alikuja nayo mfukoni. Aliniambia, mama, leo nimetuhamisha, tumetoka Machakos, sasa tuko wilaya yetu Makueni. Tuliangalia hiyo kadi na taa ikiwaka mpaka mafuta ikaisha. Mimi nikaomba nikae nayo mpaka Jumapili, nionyeshe wamama wa kanisa. Hiyo Jumapili ilipita, ingine ikapita, yeye akasahau kuniuliza na mimi nikaizoea. Kila siku nikisoma, naanza na hiyo kadi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyeweza kunusa tarakimu iliyogeuzwa kutoka mlangoni alikuwa ameitoa kadi ya kwao boksini mwenyewe, kabla sijatia namba, akampelekea mkewe kama mtu anavyopeleka kitenge. Na jana niliposoma majina, jina la kwao halikusomwa, naye hakushtuka. Nilijiuliza kwa nini, na jibu nililipata bila kulitaka. Orodha ile hakuwa akiiona. Macho hayakusoma kitu. Alikuwa akitia alama mstari kwa mstari kwa mazoea, na majina aliyasikia kichwani mwake mwenyewe. Nyumbani kwake hakuhitaji kutajiwa. Mtu akihesabu waliomo chumbani, wa kwanza kusahauliwa ni yeye mwenyewe.

Nikaona pia kitu kingine. Kama Ndolo akijua hivi, ndiyo basi. Kadi ya ofisi ndani ya Biblia Kathonzweni, na mkaguzi asiyeona anachokikagua. Hakuna kompyuta iliyohitaji ushahidi zaidi.

"Mama," nilisema, "nipe hii kadi, na usimwambie. Nitasema ilianguka nyuma ya kabati. Nitasema ni mimi."

"Wewe uko kwa majaribio, amenieleza. Watakufukuza wewe."

"Mimi ni kijana, nitapata kazi nyingine."

"Unampenda huyu mzee."

"Ananitesa na mbaazi zake," nilisema, "lakini nampenda, ndiyo."

Mama Muthama akafunga Biblia. Hakukubali, hakukataa. Alisema tu kwamba yeye hajui kudanganya ila anajua kunyamaza.

Mzee aliporudi nilimwambia kadi imepatikana nyuma ya kabati, kwamba niliiangusha Januari. Alishusha pumzi, akakaa, akaimba ubeti mzima; jina la lokesheni hakuliuliza, nami sikulitaja. Nikaitia 7,643 kwenye Makueni, nikavuta mkono wa mashine. Machakos na Makueni zikatoa Machakos ya zamani. Wilaya zote zikatoa mkoa. Nikachapa jedwali upya, safi, wanaume na wanawake na jumla na kaya.

Ijumaa saa nne Ndolo akafika, shati limelowa jasho la safari. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Mama Muthama, aliyekubali kungoja siku moja, alikuwa ameketi pembeni na kiondo chake, akimngoja mumewe amalize ampeleke kwa daktari. Ndolo akamsalimia kwa heshima, akaketi, akatoa kikokotoo chake kidogo akajumlisha jedwali zima mwenyewe, juu kwenda chini. Nilimwona Mzee Kisilu akingoja, nikajua anachongoja. Ndolo akafika chini, akasita, kisha akaanza tena kutoka chini kwenda juu. Mzee akatabasamu.

"Linajaa," Ndolo alisema. "Lilikuwa nini?"

"Kadi moja," nilidakia. "Ilianguka nyuma ya kabati nilipokuwa nikitia namba. Ni makosa yangu."

"Lokesheni nzima, Sauda." Hakupaza sauti. "Watu elfu saba. Ningechapa hivyo, pale Makueni pangekosa zahanati yao na tusingejua. Itabidi nikuandikie barua ya onyo. Na kwa mtu wa majaribio, unajua barua ya onyo ni nini."

"Najua."

"Hebu nione hiyo kadi," Mzee Kisilu alisema.

Nilisema haina haja. Akanyoosha mkono tu, ule mkono mkubwa wa mkulima, nikampa. Aliileta karibu na jicho la kushoto, akaishusha. Akapitisha kidole gumba pembezoni. Kisha akaileta puani.

Ofisi yetu ilinuka wino na vumbi. Hata mimi, niliyekaa upande wa pili wa meza, nilijua harufu ya kadi ile, kwa sababu nilikuwa nimeinusa jana: moshi wa jiko na kafuri, ile ambayo kina mama huweka kwenye sanduku la nguo za kanisani.

Mzee Kisilu hakumtazama Ndolo. Aligeuza kichwa kuelekea kona aliyoketi mkewe, ingawa sidhani kama alimwona vizuri.

"Hii ni Kwa Ndinda?"

"Ni Kwa Ndinda," Mama Muthama alijibu.

"Asi," alisema polepole, kwa mshangao wa Kikamba. Halafu akamgeukia Ndolo. "Hii kadi haikulala nyuma ya kabati. Imelala ndani ya Biblia ya mke wangu, kutoka Desemba. Ni mimi niliipeleka. Huyu msichana anadanganya, na anadanganya vibaya, kwa sababu kabati limeshikana na ukuta."

"Mzee," nilisema.

"Nyamaza kidogo, mwaitu." Alisema kwa upole. "Na Jumatano alinisomea majina yote, la kwetu halikuwa, na mimi nikasema zote ziko. Sikuwa naona karatasi. Nilikuwa nakumbuka. Mtu wa kutia alama akianza kukumbuka badala ya kuangalia, huyo ameisha. Hiyo barua usimwandikie yeye."

Ndolo alitazama jedwali, akamtazama mzee, akatazama kikokotoo chake kama kitamsaidia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilisikitika kuona kwamba hata yeye ilimuuma.

"Kompyuta yangu ilijua zinapungua," alisema mwisho. "Haikujua ni watu. Nani aligundua ni lokesheni nzima?"

"Ni yeye," nilisema. "Kwa wanaume na wanawake na kaya."

"Nitaandika hivyo pia." Akafunga faili. "Lakini Mzee, siwezi kuacha jedwali kwa mtu asiyeliona."

"Hata mimi siwezi," Mzee Kisilu alisema. Akatoa penseli nyekundu kutoka mfuko wa koti. Ilikuwa fupi, imechongwa kwa kisu, na nyuma ina alama za meno yake. Akaiweka mbele yangu, si mbele ya Ndolo. "Jedwali halijawekwa sahihi. Wewe Ndolo soma. Yeye atie alama. Mimi niko hapa, nitasikiliza."

Basi Ndolo, mkubwa wa Nairobi, akasoma kadi za Makueni kwa sauti, nami nikatia alama, nikitazama kila mstari kwa macho yangu mawili kama aliyeapishwa. Alipofika Kwa Ndinda alisoma wanaume, wanawake, jumla, kaya. Nikalinganisha, nikatia alama. Kwenye kona Mama Muthama akasema, "Amina," na hakuna aliyecheka.

Nikaweka sahihi chini ya jedwali. S. Shee. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kukaa mahali pa lawama, na niliogopa, na nilifurahi.

Mama Muthama akainuka ampeleke mumewe kwa daktari. Alikwisha kuvaa kiondo, lakini nilimwona akifungua Biblia kwa kidole, pale kwenye Zaburi, akapaona patupu, akaifunga. Kadi ilikuwa mali ya boksi sasa, kila mtu alijua.

"Ngojeni dakika tano," nilisema.

Nikatia kadi nyeupe kwenye taipu. Nikachapa Kwa Ndinda, Wilaya ya Makueni, nikachapa hesabu zote nne, nikazikagua juu kwenda chini na chini kwenda juu. Kisha nikachukua ile penseli nyekundu fupi, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: NAKALA. ISIJUMLISHWE. Nikampa Mama Muthama.

Mzee Kisilu aliuliza nimeandika nini. Mkewe akamsomea. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka kwenye jicho bovu na kwenye lile lenye nafuu.

"Amejifunza," alimwambia Ndolo. Akamshika mkewe mkono, wakatoka kwenda kwa daktari. Juu ya meza yangu alikuwa ameacha mfuko wa mbaazi.